Namna ya kuweka malengo yanayopimika kwa wahudumu wa mapokezi na wa usafi

Msimamizi anapotakiwa kuwawekea malengo ya mwaka maafisa mikopo au wauzaji, hahangaiki sana, kwa sababu kazi zao huacha hesabu zenyewe. Shida humpata akifika kwa dada wa mapokezi na kwa wahudumu wa usafi. Hapo ndipo fomu hujazwa maneno kama "kuhudumia wateja vizuri" au "kuhakikisha ofisi ni safi wakati wote", na mwisho wa mwaka kila mmoja hupewa alama kulingana na jinsi msimamizi anavyompenda. Hata katika utumishi wa umma wa Tanzania, ambako watu wamepitia MWAMTUKA, yaani mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, tangu mwaka 2004 na sasa wanajaza kazi zao kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ni rahisi mhudumu akaandikiwa idadi ya siku za kufanya usafi na idadi hiyo ikachukuliwa kuwa ni lengo. Siku za kazi zinaonyesha kwamba mtu alifika. Hazionyeshi alichokiacha nyuma yake alipoondoka.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukue ofisi ya chama cha akiba na mikopo iliyo Mbeya mjini, yenye mhudumu mmoja wa mapokezi na wahudumu wawili wa usafi, ambayo wanachama wake wengi ni wakulima wa viazi, mahindi na kahawa wanaotoka Rungwe, Mbozi na vijiji vya Mbeya vijijini. Takwimu zote ni za mfano huo, na kila msimamizi atazipata za kwake akifuata hatua zilezile.

Hatua ya kwanza: andika hali inayotakiwa kubaki

Kaa na kila mhudumu peke yake, na badala ya kumwuliza anafanya nini, mwulize: kazi yako isipofanyika kwa siku mbili, nani ataumia, na ataumia vipi? Swali hili huvuka orodha ndefu ya kufagia, kudeki, kupokea simu na kubeba mafaili, likafika kwenye matokeo mawili au matatu ambayo ndiyo sababu ya nafasi hiyo kuwapo.

Katika ofisi yetu, mhudumu wa usafi wa upande wa vyoo na uwanja alijibu kwamba mwanachama akikuta choo kichafu anakwenda kujisaidia nyuma ya ukuta wa jirani, na lawama zinarudi kwa chama. Yule wa mapokezi alisema kwamba asipokagua fomu za mikopo, zinapandishwa kwa afisa mikopo zikiwa na upungufu, kisha zinarudishwa, na mzee aliyetoka Isongole analazimika kupanda gari mara ya pili kwa ajili ya muhuri wa mtendaji wa kijiji. Hapo tayari tuna matokeo mawili: choo kinachotumika saa zote za kazi, na fomu inayokwenda kwa afisa mikopo ikiwa imekamilika.

Usizidishe matatu kwa mtu mmoja. Mhudumu mwenye malengo tisa hana lengo hata moja analolikumbuka akiwa ameshika ndoo.

Hatua ya pili: geuza kila tokeo kuwa dalili zinazojibika kwa ndiyo au hapana

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa pasiharakishwe. "Choo ni kisafi" haipimiki, kwa kuwa usafi wa meneja siyo usafi wa mlinzi. Tafuta vitu ambavyo mtu yeyote akisimama mlangoni ataviona au hataviona. Kwa choo cha wateja tulifikia dalili tano: sakafu haina maji yaliyotuama wala nyayo za tope, sinki la choo na ukuta wa pembeni havina doa linaloonekana ukiwa mlangoni, sabuni ipo, maji yanatoka bombani au ndoo yenye kata imejaa zaidi ya nusu, na kapu la taka halijafika ukingoni.

Kulikuwa na pendekezo la kuongeza "hakuna harufu mbaya", ambalo kila mtu aliliunga mkono. Liliondolewa baada ya majaribio, na majaribio yenyewe ni kitu ambacho kila ofisi inapaswa kukifanya. Watu wawili huingia mmoja baada ya mwingine, bila kushauriana, kila mmoja na karatasi yake, kisha majibu yanalinganishwa. Kwa dalili nyingine walipatana karibu kila mara, lakini kwa harufu mmoja alisema ipo na mwingine akasema haipo, tena zaidi ya mara moja. Dalili ambayo watu wawili waaminifu hawapatani juu yake italeta ugomvi siku ya tathmini, hata kama jambo lenyewe ni la kweli. Ama iandike upya mpaka wapatane, ama iache.

Kwa mapokezi, dalili ilikuwa rahisi zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Fomu ya mkopo ama imerudishwa na afisa mikopo kwa upungufu ambao ungeonekana mapokezi, ama haikurudishwa. Maneno "ambao ungeonekana mapokezi" yana uzito wake: nakala ya kitambulisho cha Taifa iliyokosekana, barua ya mtendaji isiyo na muhuri, au sahihi ya mdhamini iliyosahauliwa inaonekana kwa macho. Hesabu ya mapato ya shamba iliyokosewa haionekani, na haihusiani na mhudumu huyu. Afisa mikopo alipewa muhuri mdogo wa tarehe na nafasi kwenye kona ya fomu ya kuandika sababu ya kurudisha, ili hesabu ifanyike mwisho wa juma bila kumtegemea mtu kukumbuka.

Jambo la ukarimu huleta kigugumizi kwa wengi. Tabasamu halipimwi, na ni vema lisipimwe, lakini kitendo kinapimika. Katika ofisi hii kipimo ni kwamba kila anayeingia awe amesalimiwa na kuulizwa shida yake ndani ya dakika 5, hata kama atasubiri baadaye. Msimamizi huchagua saa moja mara mbili kwa juma, akakaa ukumbini na kuhesabu waliopitisha dakika hizo bila kuulizwa. Hesabu hiyo inatosha.

Hatua ya tatu: pima hali ilivyo kabla ya kutaja lengo lolote

Wasimamizi wengi hurukia asilimia 95 kwa sababu inapendeza kwenye karatasi. Chukua kwanza majuma mawili ya kupima bila kumlaumu wala kumsifu mtu, na wahudumu wenyewe wawe wanajua kwamba upimaji unaendelea. Saa za ukaguzi zisizoeleke. Andika saa zote za kazi kwenye vikaratasi, vikunje, vitie kwenye kikopo, na kila asubuhi ya siku ya ukaguzi uokote kimoja. Ukiokota saa 8 mchana, unakagua saa 8 mchana. Ukaguzi wa saa 2 kila siku utaonyesha tu kwamba choo husafishwa kabla ya saa 2.

Katika majuma hayo mawili choo kilikaguliwa mara 12. Dalili tano mara kaguzi 12 ni majibu 60, na kati ya hayo "ndiyo" zilikuwa 39, yaani asilimia 65. Msimamizi mwenye haraka angeandika hapohapo: lengo ni asilimia 85 kufikia mwezi Machi. Tuangalie kwanza zile "hapana" 21 ziliangukia wapi. Sabuni ilikosekana mara 9, sakafu ilikuwa na tope au maji mara 5, kapu lilijaa mara 4, doa mara 2, na maji yalikosekana mara 1.

Sabuni ndiyo iliyobeba karibu nusu ya upungufu wote. Ilipoulizwa kwa nini, ilibainika kwamba mtunza stoo hutoa sabuni Jumatatu tu, chupa moja ya nusu lita kwa vyoo vyote, na kwa kawaida Jumatano jioni imekwisha. Mhudumu hana ufunguo wa stoo. Kama lengo lingewekwa juu ya ile asilimia 65, basi kwa mtunza stoo kuongeza chupa moja tu hesabu ingepanda hadi 48 kati ya 60, ambayo ni asilimia 80, na mhudumu angesifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Kinyume chake pia ni kweli: stoo ikikaza mkono, angeadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Hatua ya nne: tenganisha kilicho mikononi mwake na kisicho mikononi mwake

Baada ya ugunduzi huo, sabuni iliondolewa kwenye hesabu ya mhudumu na kuwekwa kwa mtunza stoo. Kilichobaki kwa mhudumu ni wajibu wa kuandika kwenye daftari la stoo pale chupa inapofika robo. Maji nayo yaliachwa kwa namna iliyoandikwa tangu mwanzo: bomba likikauka kwa sababu ya mamlaka ya maji, kinachoangaliwa ni kama ndoo imejazwa kutoka kwenye tangi, na hilo analiweza.

Zilibaki dalili nne, yaani majibu 48 kwa kaguzi 12. Katika hayo, "ndiyo" zilikuwa 36, sawa na asilimia 75. Hiki ndicho kianzio cha haki. Baada ya mazungumzo, mhudumu na msimamizi walikubaliana kufikia 43 kati ya 48, karibu asilimia 90, katika muda wa miezi minne, kwa kaguzi 3 kila juma ili kila mwezi uwe na kaguzi 12 na ulinganifu usivurugike. Mpango huo uliacha nafasi ya makosa 5 kwa mwezi. Kwa choo kinachotumiwa na watu wengi kuanzia asubuhi hadi jioni, kumdai mtu ukamilifu ni kumfundisha kuficha.

Kumbuka pia kwamba hesabu ndogo hutikisika kirahisi. Jibu moja kati ya 48 ni kama alama 2 za asilimia, kwa hiyo mwezi wa majibu 42 na mwezi wa majibu 41 ni sawa, na msimamizi asiitishe kikao kwa tofauti hiyo.

Hatua ya tano: kila kipimo kipe mwenzake wa kukilinda

Kwa upande wa mapokezi, majuma mawili ya mwanzo yalionyesha fomu 50 zilizopelekwa kwa afisa mikopo, na 16 kati yake zilirudishwa kwa upungufu unaoonekana: barua 9 bila muhuri wa mtendaji, fomu 4 bila sahihi ya mdhamini, na 3 bila nakala ya kitambulisho. Lengo lililopendekezwa lilikuwa zisizidi 5 katika kila 50. Linaonekana ni lengo zuri, na kweli ni zuri, ila lina mlango wa nyuma.

Mhudumu anayepimwa kwa fomu zilizorudishwa anaweza kushusha hesabu yake kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukagua kwa makini na kumweleza mwanachama kila kinachokosekana kwa mara moja. Njia ya pili, ambayo ni nyepesi zaidi, ni kuikataa fomu kwa upungufu wa kwanza anaouona: "Mama, hii haina muhuri, nenda ukirudi nayo tutaiangalia." Mama anarudi Tukuyu, analeta muhuri juma lijalo, ndipo anaambiwa kuwa mdhamini hakusaini. Afisa mikopo hapokei fomu mbovu hata moja, karatasi ya malengo inang'aa, na mwanachama amelipa nauli mara tatu.

Kwa hiyo kipimo cha fomu kiliwekewa mwenzake: idadi ya wanachama waliofika mapokezi zaidi ya mara mbili kwa fomu ileile. Mhudumu hugonga tarehe nyuma ya fomu kila inapofika mezani kwake, na fomu yenye tarehe tatu huhesabiwa kuwa ni kosa sawa na iliyorudishwa. Pamoja na hilo alipewa karatasi ndogo yenye orodha ya viambatisho vyote, ambayo huitia alama palipokosekana na kumkabidhi mwanachama aondoke nayo. Karatasi hiyo ndiyo iliyoshusha hesabu kuliko maonyo yoyote, na wapo wazee waliokuwa wakiikunja na kuiweka ndani ya kadi ya uanachama.

Kwa kila lengo unaloandika jiulize mtu mvivu lakini mwerevu angelifikia vipi. Ukipata jibu, kipimo cha pili kiwe juu ya jibu hilo. Kwa choo, kwa mfano, mvivu mwerevu angekifunga kwa kufuli saa za jioni. Ndiyo maana choo kilichofungwa saa za kazi bila taarifa huhesabiwa "hapana" kwa dalili zote nne.

Hatua ya sita: yaandike kwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mhudumu anakisoma

Lengo la mhudumu wa usafi lilisomeka hivi: "Kufikia mwisho wa Januari, katika kaguzi 12 za kila mwezi zinazofanywa saa zisizotangazwa, choo cha wateja kitakuwa na majibu ya ndiyo yasiyopungua 43 kati ya 48. Sabuni haihesabiwi. Siku ambayo mhudumu yuko likizo au mgonjwa haikaguliwi." La mapokezi: "Katika kila fomu 50, zisizozidi 5 zitakuwa zimerudishwa kwa upungufu unaoonekana au zitakuwa na tarehe tatu za kufika mapokezi."

Ukurasa huo una sahihi mbili, na nakala moja inabaki kwa mhudumu. Pamoja na heshima, una maana ya kisheria. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinamtaka mwajiri anayedai kwamba mfanyakazi ameshindwa kazi aonyeshe kuwa kulikuwa na kiwango, kwamba kiwango hicho kilikuwa cha haki, kwamba mfanyakazi alikijua, na kwamba alipewa nafasi ya kukifikia. Maneno "kufanya usafi vizuri" hayawezi kubeba mzigo huo.

Wahudumu wa usafi wawili wasishindanishwe kwa asilimia zao. Mmoja ana choo na uwanja, mwingine ana ofisi za ndani zenye vigae. Kuwapanga wa kwanza na wa pili ni kupima maeneo, siyo watu.

Hatua ya saba: soma hesabu kwa dalili, kisha tafuta sababu kabla ya kumtafuta mtu

Oktoba na Novemba choo kilipata 41 na 42. Desemba kikashuka hadi 38. Katika ofisi nyingi hapa ndipo barua ya onyo huandikwa. Msimamizi wetu alifungua karatasi za ukaguzi na kuona kwamba kati ya "hapana" 10 za mwezi ule, 8 zilikuwa za sakafu, na zote 8 ziliandikwa kuanzia saa 8 mchana. Asubuhi sakafu ilikuwa safi kila ilipokaguliwa.

Anayeifahamu Mbeya hahitaji kuelezwa zaidi. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili, na nyingi hunyesha mchana. Tena Desemba ndiyo wakati wanachama wanapofurika kutafuta fedha za mbolea. Mhudumu alikuwa akideki saa 1 asubuhi na saa 6 mchana, ratiba iliyopangwa kiangazi, wakati tatizo la uwanja lilikuwa vumbi. Kudeki kwake kwa pili kulimalizika kabla tope halijaanza kuingia. Ratiba ilisogezwa hadi saa 9 alasiri, mlangoni pakawekwa chuma cha kukwangulia viatu na magunia mawili ya kubadilishana, na dekio la pili likanunuliwa ili lililolowa lipate muda wa kukauka. Januari makosa ya sakafu yalikuwa 3, na jumla ikafika 43.

Mpangilio wa kutafuta sababu ni huu: vifaa kwanza, kisha muda na ratiba, kisha ujuzi, na nia iwe ya mwisho. Ukiona makosa yamejikusanya kwenye dalili moja au kwenye saa fulani, karibu kila mara sababu ni vifaa au ratiba. Yakiwa yametawanyika kwenye dalili zote na saa zote, huku vifaa vikiwa kamili, hapo mazungumzo ya aina nyingine yana nafasi yake. Kwa mapokezi pia msimu una neno: Desemba fomu zinaweza kuongezeka mara mbili, na ndiyo sababu lengo lake liliandikwa kwa kila fomu 50 na siyo kwa mwezi. Hata hivyo kile kipimo cha dakika 5 hakina kinga hiyo, hivyo kwa majuma ya msimu na yale ya ada za shule Januari, ama apewe msaidizi kwa saa za asubuhi, ama kipimo kisimamishwe kwa maandishi.

Malipo ya ziada yasifungwe kwenye hesabu hizi kabla mwaka mzima haujapita na ofisi haijaona kiangazi na masika. Fedha ikiingia mapema, mkaguzi naye huanza kushawishiwa, na dalili ambazo watu wawili walipatana juu yake huanza kuonekana tofauti.

Kuna mambo ambayo hayataingia kwenye karatasi hata ukiyakazania: mhudumu aliyeona bomba linavuja Ijumaa jioni akampigia fundi kwa simu yake, au wa mapokezi aliyemtambua bibi asiyejua kusoma akamsomea fomu bila kumwaibisha mbele ya watu. Haya yawe na nafasi ya mistari mitano chini ya ukurasa, bila alama, yaandikwe siku yanapotokea pamoja na tarehe. Kila baada ya miezi sita pitieni dalili zenyewe: iliyopata "ndiyo" mara zote kwa miezi mitatu mfululizo iondolewe kwenye ukaguzi wa kila juma, ikaguliwe mara moja kwa mwezi, na nafasi yake ichukuliwe na jambo ambalo mhudumu mwenyewe anaona bado linasumbua.